Mshahara Wenye Mkia

Katika makazi ya Shantiban, majengo matatu ya ghorofa nne upande wa magharibi wa Pune, Rakhmabai Dhotre huitwa Ghadyalbai, yaani bibi wa saa. Wapangaji wapya hudhani jina hilo limetokana na kuwahi kwake. Hivyo sivyo. Rakhmabai alikuwa mtu wa kuchelewa dakika tano huku na kumi kule, kama yeyote anayehudumia milango sita kwa siku moja na kupanda ngazi kwa miguu. Jina alilipata kwa sababu ya juma moja tu, mwaka ule kilo ya kitunguu ilipofika rupia themanini, alipozunguka nyumba zote sita akiwa na saa ya kengele ndani ya kikapu cha plastiki. Kila alipoingia jikoni aliiweka juu ya meza ya jiwe ya kupikia, kisha akainama kufanya kazi. Ilikuwa saa ya mumewe, mlinzi wa zamu, yenye kengele mbili kichwani na mlio wa tiki-taka uliosikika hadi sebuleni.

Ili saa ile ieleweke, sharti bei ya kazi pale Shantiban ieleweke kwanza.

Mfanyakazi wa nyumbani hakulipwa kwa saa wala kwa siku. Alilipwa kwa kazi, na kazi zilikuwa tatu: kuosha vyombo, kufagia na kupiga deki, na kufua. Kila moja ilikuwa rupia mia sita kwa mwezi kwa nyumba ya watu wanne au pungufu. Kwa kila mtu mzima aliyezidi wanne, ziliongezwa rupia mia moja katika kila kazi. Siku mbili za mapumziko kwa mwezi, na katika Diwali mshahara wa mwezi mmoja wa ziada. Bei hiyo haikuwa ya serikali wala ya mtu mmoja. Ilikuwa imeafikiwa na wanawake wote wa kazi na wenye nyumba, wakiwa wamekaa katika banda la magari siku chache kabla ya sikukuu ya Ganpati, miaka sita nyuma. Siku ile palizuka swali: je, mtoto mdogo naye ahesabiwe kuwa mtu? Aliyesimama kujibu alikuwa Rakhmabai mwenyewe. Alisema mtoto wa chini ya miaka mitano hula katika sahani ya mama yake na nguo zake hutosha kiganjani. Kumtoza fedha ni aibu. Watu walipiga makofi, na kanuni ikapita.

Nyumba yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa ya akina Ketkar, ghorofa ya tatu, jengo la kwanza. Alikuwa na miaka kumi na sita ndani ya nyumba ile. Waliokaa humo walikuwa wawili tu: Nalini Ketkar, karani mstaafu wa posta, ambaye Rakhmabai alimwita Vahini, kama mtu anavyomwita mke wa kaka yake; na mumewe, Bwana Vinayak, ambaye maisha yake ya kustaafu yalipita nyuma ya gazeti. Kazi zote tatu, rupia elfu moja na mia nane. Aliingia saa moja na nusu, akanywa chai na sahani ya pepeta za kukaangwa kwa bizari, na kabla ya saa tatu alikwishashuka.

Kisha Mugdha, binti wa pekee, akarudi nyumbani. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na uzazi wa kwanza mwanamke hujifungulia kwa mama yake. Hapo hapana mjadala. Mtoto wa kiume alizaliwa salama. Na tangu siku aliyoletwa kutoka hospitali, kazi ya nyumba ile ikabadilika sura.

Vahini hakutaka kusikia habari za nepi za kutupa. Mtoto alifungwa vitambaa vya pamba laini, vilivyokatwa kutoka kwenye sari kuukuu, na vitambaa hivyo vilifika ishirini na tano kwa siku. Havikuruhusiwa kuingia katika mashine. Vilisuuzwa kwanza, vikalowekwa katika maji ya moto yenye dawa, vikafuliwa kwa mkono, vikasuuzwa mara mbili tena, vikaanikwa kwenye jua bila kugusana na nguo nyingine. Jikoni nako, mzazi alipikiwa ladu za gundi ya mti na uwatu, uji wa maziwa, mboga zilizoelea katika samli. Sufuria za samli iliyoganda hazitakati kwa kusuguliwa mara moja. Wageni wa kuja kumwona mtoto waliacha vikombe kila kona.

Kwa hesabu ya Shantiban, hata hivyo, nyumba ilikuwa na watu watatu. Mtoto hakuwa mtu. Mshahara ulibaki elfu moja na mia nane.

Rakhmabai alivumilia mwezi mmoja na nusu. Katika muda huo alipoteza nyumba ya saba, ya jengo la tatu, ambayo wenyewe walichoka kumsubiri. Kisha Bibi Deodhar, mwalimu wa shule ya watoto anayefunga mlango saa tano na nusu kamili kwenda kazini, alimpokea siku moja ufunguo ukiwa mkononi.

"Rakhmabai, mimi sikugombezi. Lakini jana niliondoka sakafu ikiwa nusu. Mwezi ujao ukianza hivi hivi, nitamchukua mwingine. Usije ukasema hukuambiwa."

Nyumba ya Deodhar ilikuwa rupia elfu moja na mia mbili. Rakhmabai hakuhitaji kalamu kuona kwamba alikuwa akiuza nyumba mbili ili kufua bure katika ya tatu. Usiku huo alimwambia mumewe kwamba ikiwa mshahara wa Ketkar hautarekebishwa kabla ya tarehe mosi, ataiacha nyumba ile. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema mchele umekwisha. Mumewe akamtazama, alijua miaka kumi na sita ni mingapi.

Asubuhi iliyofuata alisema.

"Vahini, kazi imezidi. Nataka tuongee bei."

Nalini Ketkar hakuwa mchoyo. Aliifungua kabati, akatoa sari mpya ya pamba, kijani yenye ukingo mwekundu. "Hii nilikuwekea wewe kwa ajili ya siku ya kumpa mtoto jina. Na mwezi huu nitakuongeza mia mbili. Je, umefurahi?"

"Sari nzuri, Vahini. Sari naichukua. Lakini mimi nauliza mshahara."

"Mshahara upo katika kanuni. Tuko watatu. Hata kwa Mugdha mwenyewe nisingelazimika kukuongezea kitu, maana hatujafika wanne. Na kanuni ya mtoto ni nani aliyeitunga?"

"Mimi."

"Basi?"

Rakhmabai aliiweka sari kando. Alichukua ufagio.

Habari za namna hiyo hushuka ngazi haraka kuliko maji. Ghorofa moja chini ya akina Ketkar aliishi Bibi Inamdar, ambaye pia alikuwa mteja wa Rakhmabai kwa kazi ya sakafu tu. Mchana uleule alipanda mwenyewe, mdomo ukiwa umekwisha tangulia.

"Nalini, usije ukaiharibu bei ya jengo! Leo utaongeza kwa ajili ya mtoto, kesho watatutoza na paka. Kama nepi zinamshinda, mtafute mwingine wa nepi peke yake, umpe mia sita. Kazi moja, mia sita. Yamekwisha."

Rakhmabai alikuwa akipiga deki chini ya kiti alichokalia. "Nyanyua miguu, bibi," alimwambia, na Bibi Inamdar akainyanyua huku akiendelea kusema.

Jioni, bombani, Shaku, mfanyakazi mwenzake wa jengo la pili, alimkanya kwa upande mwingine. "Dada, ile kanuni ukiivunja wewe uliyeitunga, na sisi watatuvunjia zetu. Siku mbili za mapumziko zitakwenda. Za Diwali zitakwenda. Fikiri."

"Sitaivunja."

"Utafanya nini sasa?"

"Sijui. Nataka kwanza kujua ninafua kwa muda gani."

"Muda!" Shaku alicheka hadi ndoo ikamwagika. "Basi jifunge saa shingoni kama ng'ombe na njuga zake."

Hilo la shingoni hakulifanya. Alitumia kikapu.

Alianza Jumatatu. Rakhmabai alisoma hadi darasa la nne, na tarakimu hazikuwahi kumpiga chenga. Katika kila jikoni palikuwa na kalenda ya ukutani, ile ambayo wenye nyumba huandika lita za maziwa na siku ambazo mfanyakazi hakuja. Aliomba ruhusa ya kuandika dakika zake pembeni ya tarehe, na karibu wote walikubali kwa kicheko. Mzee Barve, mjane wa jengo la pili anayeishi peke yake, alimuuliza kama sasa ameajiriwa na shirika la reli. Bibi Inamdar aliigeuza saa ikatazama ukuta, akidai mlio wake unampandisha presha.

Kwa Ketkar alikuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu alijua ataulizwa jambo moja: zamani ulikuwa unatumia muda gani, na nani aliupima? Kwa hiyo alitenganisha. Aliosha kwanza vyombo vya wazee wawili, akatazama saa. Ndipo akaosha vya mzazi, vya mtoto na vya wageni, akatazama tena. Na nguo vilevile, mafungu mawili. Sakafu haiwezi kugawanywa, lakini nyumba ya Inamdar ilikuwa chini ya ile ya Ketkar, vyumba vilevile na vigae vilevile, watu wawili. Akaichukua hiyo kuwa kipimo. Dakika za chai hakuzihesabu. Siku ya Alhamisi, Vahini alisimama mlangoni mwa jikoni akimtazama.

"Na sasa mbona unasugua polepole?"

"Nasugua kama jana. Jana hukuwa umesimama hapo."

Kutoka chumbani Mugdha alicheka, kisha akaomba radhi kwa mama yake, kisha akacheka tena. "Mama mdogo," akaita, kama alivyozoea kumwita Rakhmabai, "saa hiyo isije ikalia mtoto akiwa amelala, nitaitupa dirishani!"

Jumapili mchana Rakhmabai alirudi, jambo ambalo si desturi, akiwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Vahini alikuwa ameketi sakafuni jikoni akichambua majani ya uwatu. Bwana Vinayak alikuwa sebuleni, nyuma ya gazeti. Rakhmabai alikaa akielekeana na Vahini, akavuta fungu la majani kwake, na wote wawili wakawa wanachambua.

"Sema," Vahini alisema.

"Kazi ya wewe na Bwana ni dakika sabini na tano. Vyombo ishirini na tano, sakafu thelathini, nguo ishirini. Sasa ni mia na arobaini. Vyombo arobaini na tano, sakafu thelathini na tano, nguo saa nzima. Zilizozidi ni dakika sitini na tano kila siku."

Vahini aliifuta mikono, akachukua penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye kalenda. Alikuwa ametumikia dirisha la posta miaka thelathini na mbili, na karatasi yenye tarakimu haikumwacha akae tu.

"Siku ishirini na nane za kazi. Dakika elfu moja mia nane na ishirini. Saa thelathini na dakika ishirini." Aliandika. "Haya. Saa moja ni bei gani? Hapa hakuna bei ya saa. Kibarua mwanamke wa ujenzi anapewa mia tatu kwa saa nane. Hiyo ni thelathini na saba na nusu."

"Kibarua anakwenda mahali pamoja na anakaa pale siku nzima. Mimi ninayo bei yangu. Nimeitoa katika nyumba nyingine tano."

"Kwa nini tano? Milango yako ni sita."

"Hii ndiyo tunayoipima, Vahini. Huwezi kuweka viazi upande wa mawe ya mizani."

Gazeti sebuleni lilitikisika kidogo.

Nyumba zile tano zilimlipa jumla ya rupia elfu tano na mia saba. Dakika zake zilikuwa mia mbili na sitini kwa siku. Vahini alizidisha kwa ishirini na nane, akagawanya kwa sitini, akapata saa mia moja ishirini na moja na dakika ishirini. Akagawanya fedha kwa saa. Ilikuja arobaini na saba, kasoro senti mbili.

"Arobaini na saba," Rakhmabai alisema. "Mimi nilipata hivyo hivyo, ila nililala nikiwa na shaka."

"Na kwangu sasa unapata ngapi?" Vahini hakungoja jibu, penseli ilikuwa imekwisha kwenda. "Ishirini na saba na nusu." Akaitazama tarakimu ile kwa muda. Kisha uso wake ukapata mwanga wa karani aliyeona kosa katika fomu ya mtu.

"Vizuri. Tuachane na kanuni, twende kwa saa. Nyumba yangu yote ni saa sitini na tano na dakika ishirini. Kwa arobaini na saba inakuwa elfu tatu na sabini. Nitakulipa elfu tatu na sabini. Na Mugdha akiondoka, tunarudi kwenye dakika sabini na tano, saa thelathini na tano, yaani elfu moja mia sita arobaini na tano. Hiyo ndiyo haki, au siyo?"

Rakhmabai aliacha kuchambua. Elfu tatu na sabini ilikuwa fedha nzuri, na ilikuwa mbele yake, na alikuwa ameitaka. Lakini alikwisha kuona mahali inakoelekea. Kwa saa, nyumba hii ingemlipa pungufu ya ilivyomlipa miaka yote. Na Mzee Barve, ambaye vyombo na sakafu yake ni nusu saa tu, na hulipa elfu moja na mia mbili bila kunung'unika, angesikia habari hii kabla ya chakula cha usiku. Kwa saa angedaiwa mia sita hamsini na nane. Kila mwenye nyumba ndogo angeomba kupimwa. Shaku alikuwa na nyumba nne za namna hiyo.

"Siyo," alisema.

"Siyo? Saa ni yako mwenyewe!"

"Saa inapima mikono tu, Vahini. Naanza saa moja na nusu, namaliza saa tisa na robo. Hizo ni dakika mia nne sitini na tano. Mikono imefanya mia nne. Za chai na kula ni ishirini na tano. Bado arobaini. Arobaini ziko ngazini, ziko mlangoni nimebonyeza kengele na mtu anaoga. Mzee Barve hafungui mpaka amalize sala zake. Ile nusu saa yake siwezi kuiuza kwingine. Kila siku ni yake, awe na sahani mbili au kumi. Mia sita ndiyo bei ya kufika. Hiyo hainyofolewi. Kinachozidi ndicho kinachopimwa."

"Kwa hiyo kazi kwa kanuni, na ziada kwa saa."

"Ndiyo. Na kanuni inabaki. Mtoto simhesabu, sikumhesabu hata kidogo. Nahesabu maji yake."

Vahini aliinua macho kwenye kalenda, kisha kwenye karatasi. Ziada: saa thelathini na theluthi moja, kwa arobaini na saba. Alifanya hesabu mara mbili, mara ya pili kutoka chini kwenda juu kama walivyofundishwa posta. Elfu moja mia nne ishirini na tano na kitu kidogo. Pamoja na elfu moja na mia nane: elfu tatu mia mbili ishirini na tano.

"Hiyo ni zaidi ya hesabu yangu kwa mia moja hamsini na tano."

"Ndiyo."

Vahini alirudi kwenye majani ya uwatu, na hapo akakiri jambo ambalo hakuwa amekusudia kulikiri. Siku ya Jumatano alikuwa amefuata ushauri wa Inamdar. Alikuwa ametafuta mtu wa nepi peke yake kwa mia sita.

"Nilimuuliza Shaku. Akasema elfu moja na mia tano."

"Shaku ni rafiki yangu. Usimhesabu."

"Sikumhesabu. Nilivuka barabara, nikamuuliza mmoja wa kule kwenye maghorofa mapya, simjui wala hanijui. Kwanza alicheka. Kisha akasema elfu moja na mia nne, na Jumapili haji." Alinyofoa jani moja la uwatu kwa nguvu isiyohitajika. "Na yule bibi anayekuja kumkanda Mugdha, mia moja na hamsini kwa siku kwa saa moja, nilipomwonyesha ndoo aliikunja pua kama nimemwonyesha maiti."

"Basi ulikuwa unajua," Rakhmabai alisema, bila ukali.

"Nilikuwa najua bei yao. Yako sikuwa naijua. Kanuni ilikuwa imenitosha."

Wakati huo mlango, ambao hufungwa usiku tu, ulisukumwa, na Bibi Inamdar akaingia na bakuli la jibini kama aliyekuja kwa jambo jingine. Aliiona karatasi. Aliisoma kichwa chini, kwa kuwa alisimama upande wa pili, na hilo halikumpunguzia kasi.

"Elfu tatu mia mbili ishirini na tano! Nalini, umerogwa? Na hii ishirini na tano ni ya nini? Nani aliwahi kusikia mshahara wenye mkia?"

"Ni hesabu, Inamdar."

"Hesabu gani! Kata huo mkia, mpe elfu tatu na mia mbili, angalau watu wasicheke."

Vahini alimgeukia Rakhmabai. "Kweli, hiyo ishirini na tano tuifanye ya chai. Chai unakunywa hapa kila siku."

"Chai nilikuwa nakunywa kabla mtoto hajazaliwa," Rakhmabai alisema. "Kama leo chai inapimwa, Vahini, basi tupime na sukari, maana tangu mwezi uliopita mnanipa kijiko kimoja."

Bwana Vinayak alishusha gazeti. Ilikuwa mara ya kwanza uso wake kuonekana tangu asubuhi. "Uache mkia wake," alimwambia mkewe. "Na ukimaliza hapo, mwezi uliopita nepi zilijifua zenyewe?"

Vahini aliyasukuma kando majani ya uwatu. "Mwezi uliopita hakukuwa na kipimo," alisema. "Siwezi kulipa kisichopimwa. Ningekuwa nakisia, na akikisia mmoja wetu, mwingine atanung'unika mwaka mzima. Kuanzia tarehe mosi. Siku ya Diwali nitampa mshahara wa mwezi kwa bei hii mpya, si ile ya zamani, hata kama Mugdha atakuwa ameondoka. Zaidi ya hapo sitoi."

Rakhmabai alifikiri. Mwezi ule na nusu alikuwa ameufua, na mikono yake ilikuwa na nyufa za kuthibitisha, lakini nyufa hazina dakika. Ingekuwa rupia elfu mbili na zaidi. Ya Diwali ingerudisha elfu moja mia nne ishirini na tano kati ya hizo. Alipungukiwa, na alijua ni kiasi gani.

"Nakubali," alisema. "Lakini na hili: nguo zenu wakubwa zisubiri alasiri. Asubuhi nitafua za mtoto tu, nimuwahi Bibi Deodhar. Saa tisa na robo nitapanda tena."

"Ngazi za mara ya pili je? Nazo utanitoza?"

"Hizo ni za kwangu. Deodhar ni elfu moja na mia mbili."

Vahini aliandika yote pembeni ya kalenda, kwa mwandiko wa posta: kiasi, tarehe ya kuanza, na kwamba mwezi utakaofuata kuondoka kwa Mugdha mshahara utarudi elfu moja na mia nane bila mjadala. Bibi Inamdar alitangaza kwamba yeye nyumbani kwake hataki kalenda iandikwe chochote, akaweka jibini mezani, akatoka. Kabla ya jioni majengo yote matatu yalikuwa yameusikia mkia. Mjukuu wa Mzee Barve, aliyekuja kumtembelea, ndiye aliyelitamka jina la Ghadyalbai kwanza, na likashika.

Kwa miezi iliyofuata wenye nyumba wanne wengine waliuliza, kila mmoja kwa njia yake, mgonjwa wa kulala kitandani ni dakika ngapi, au wageni wa harusi wa majuma mawili ni saa ngapi. Kanuni ya banda la magari haikuguswa. Shaku alinunua saa ndogo ya mkononi, akasema ameinunua kwa urembo.

Lakini Jumapili ile Rakhmabai hakuwa na habari ya hayo. Aliinuka kutoka sakafuni, magoti yakalia, akakusanya vikonyo vya uwatu kwenye gazeti kuukuu. Kwenye baraza ya kufulia palikuwa na ndoo ambayo Mugdha alikuwa ameiweka mchana, na ndani yake vitambaa vinne vilivyolowa.

"Saa hizi si zamu yako, mama mdogo," Mugdha alisema, mtoto begani. "Viache mpaka kesho."

"Vikikaa vitashika doa, na kesho nitavisugua mara mbili."

Alikunja ukingo wa sari kiunoni, akachuchumaa. Alifua cha kwanza na cha pili, akasuuza, akabadilisha maji. Cha tatu kilikuwa na doa la manjano. Alilipaka sabuni ya kipande, akalifikicha kwa vifundo vya vidole hadi likafifia, kisha likatoka. Alikamua vyote vinne, akavikung'uta kimoja kimoja hewani, akavitandaza kwenye kamba ya mwisho, ile iliyokuwa bado na jua, akivitenganisha ili visigusane. Akabana kibanio cha mwisho, akamwaga maji kwenye tundu la sakafu, akaipindua ndoo ikauke.